HB haipandi na FEFO anapewa: hesabu vidonge kabla ya kubadilisha dawa

"Mimi ni muuguzi mkunga kwenye zahanati ya kijijini, Tanzania Bara. Nina mama wa miaka 23, mimba ya pili, mtoto wa kwanza ana mwaka mmoja na miezi minane. Wiki ya 14 HB yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa gramu 9.3 kwa desilita, nikampa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kidonge kimoja kwa siku, vidonge 30, na ushauri wa lishe. Wiki ya 18 nikampa vingine 30. Leo ni wiki ya 22, HB ni 8.9 na MUAC, yaani mzingo wa mkono wa juu, ni sentimita 22.4. Anasema vidonge vingine bado viko nyumbani. Amepata SP ya kukinga malaria na dawa ya minyoo, VVU hana, malaria leo hana. Mama mkwe anamnywesha juisi ya rozela kila asubuhi. Je, nimpe rufaa, nimwongezee dozi, au nibadilishe dawa? Na kwenye kadi niandike nini zaidi ya 'FEFO, ushauri wa lishe'?"

Mwenzangu, katika yote uliyoandika, lililonishtua zaidi si 8.9. Ni hayo maneno kwamba vidonge vingine bado viko nyumbani. Tangu wiki ya 14 hadi leo ni siku 56, na umempa vidonge 60. Angemeza kimoja kila siku angebaki na vinne tu. Mwambie aende akavilete, au mtoto wa jirani atumwe, mvihesabu pamoja mezani. Tuseme vimebaki 31. Basi amemeza 29 kwa siku 56, yaani karibu nusu, na huwezi kusema dawa imeshindwa kazi wakati nusu yake haijaingia mwilini. Ukibadilisha dawa leo, ile mpya nayo itakaa kwenye mfuko uleule chini ya kitanda.

Kuna namna ya kuuliza. Ukisema "mbona hunywi dawa?" atakujibu kwamba anakunywa. Mimi huanza kwa kukubali kwamba vidonge hivi vinasumbua, kisha nauliza vinamfanya nini yeye. Majibu nimeyasikia mengi: kichefuchefu akimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, ladha ya chuma mdomoni, tumbo kufunga, choo cheusi kinachomtisha. Wengine wameambiwa na wakubwa nyumbani kwamba dawa za damu hunenepesha mtoto mpaka mama apasuliwe. Kila jibu lina dawa yake tofauti. Choo cheusi hakina madhara, ni madini ya chuma yasiyofyonzwa yakitoka, na ukimweleza mapema hofu inaisha. Hilo la mtoto kunenepa haliwezi kuisha kwa kumweleza yeye peke yake. Mama mkwe ndiye wa kumwita, hasa kwa kuwa ndiye mwenye rozela.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe. Kutoka 9.3 hadi 8.9 kunaonekana kama kushuka, lakini usiandike bado kwamba hali imekuwa mbaya zaidi. Katika miezi hii ya kati maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo HB hupungua hata kwa mama mwenye afya njema. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutumia kiwango cha 10.5 kwa miezi mitatu ya kati, badala ya 11 inayotumika mwanzoni na mwishoni mwa mimba. Pili, damu ya kidole ina udhaifu wake. Ukikamua kidole kwa nguvu, maji ya nyama yanachanganyika na damu na HB inasoma chini. Tone la kwanza lifutwe, kidole kiwe na joto, damu itoke yenyewe, na kile kibao kinachonyonya damu kisiwe na kiputo cha hewa. Mkebe wa vibao nao ukiachwa wazi, unyevunyevu huviharibu. Kama una wasiwasi, rudia kwenye kidole kingine leo hii.

Hata hivyo, iwe 8.9 au 9.3, jina la tatizo ni moja: upungufu wa damu wa kiwango cha kati, ambao ni kuanzia 7.0 hadi 9.9. Nakutahadharisha hapa kwa sababu naona mkanganyiko huu zahanati nyingi. Ile 8.5 tunayoihesabu kwenye rejesta ya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, ni ya kutolea taarifa. Haina maana kwamba mwenye 8.9 yuko salama na anatosheka na dozi ya kinga.

Hilo linatupeleka kwenye dozi. Kidonge kimoja cha FEFO kwa siku ni cha mjamzito asiye na upungufu wa damu. Mwenye upungufu anahitaji miligramu 120 za madini ya chuma kwa siku, mpaka HB irudi kawaida, kisha anarejea kwenye kidonge kimoja. Kwa hiyo tangu wiki ya 14 alistahili viwili. Soma vizuri maandishi ya kopo: miligramu 200 zilizoandikwa ni uzito wa chumvi nzima ya chuma, na ndani yake madini ya chuma yenyewe ni kama 60 hadi 65. Viwili ndivyo vinavyofika 120. Usimfidie kwa kumwongezea vile vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5 vinavyouzwa duka la dawa. Kiasi hicho hupunguza nguvu ya SP dhidi ya malaria. Ile miligramu 0.4 iliyomo kwenye FEFO, hata ikiwa mara mbili, haina shida hiyo.

Kabla ya kuandika mpango, tathmini ya lishe yenyewe inahitaji dakika kumi na tano na karatasi. MUAC umeshaipima. Hakikisha tu ilikuwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegea. Chini ya sentimita 23 kwa mjamzito tunaihesabu kuwa lishe pungufu, na kwa wajawazito naiamini kuliko uwiano wa uzito na urefu kwa sababu tumbo halikidanganyi kipimo. Kwa hiyo huyu mama ana mambo mawili yanayokwenda pamoja: chuma hakitoshi, na chakula chenyewe kwa jumla hakitoshi. Kidonge hakitalijaza hilo la pili.

Angalia pia nafasi kati ya watoto. Mtoto wa kwanza ana miezi 20 na mimba ina miezi mitano, maana yake alishika mimba huyu wa kwanza akiwa na miezi kama 15, pengine bado ananyonya. Mimba moja humeza takriban gramu nzima ya madini ya chuma, kwa mtoto, kondo na damu ya mama inayoongezeka. Akiba ya mimba ya kwanza haikupata muda wa kujazwa. Hii iandike, maana inaeleza kwa nini alianza na 9.3 kabla hata hujamgusa.

Halafu muulize alikula nini jana, tangu alipoamka mpaka alipolala. Usimuulize "huwa unakula nini", atakupa jibu la mtihani. Tuchukue siku ambayo ni ya kawaida kwa mama wa kijijini: asubuhi chai ya rangi na kiporo cha ugali, mchana ugali na maharage, alasiri chai tena, usiku ugali na matembele. Kipimo tunachotumia kina makundi kumi ya chakula, na mwanamke anatakiwa afikie matano kwa siku. Hapa tuna nafaka, mikunde, na mboga za majani ya kijani. Matatu. Nyanya na kitunguu vilivyotiwa kidogo kwenye mchuzi havihesabiwi, wala chai, sukari na mafuta.

Maharage na matembele yana chuma, ni kweli, na ndiyo maana ushauri wa "kula mboga za majani" hausikiki kama kosa. Tatizo ni kwamba chuma cha mimea hufyonzwa kidogo sana, na chai ikinywewa pamoja na mlo inakishika kabla utumbo haujakipata. Hivyo badala ya kumwambia aongeze matembele, mwambie atoe chai mezani. Anywe saa moja au zaidi baada ya kula. Kisha atie konzi ya dagaa kwenye hayo maharage au matembele. Dagaa ana chuma ambacho mwili hukifyonza kirahisi, na zaidi ya hapo nyama na samaki huusaidia mwili kukinyakua chuma kilichomo kwenye maharage ya sahani ileile. Chungwa, embe au papai baada ya mlo hufanya kazi kama hiyo. Kwa dagaa na tunda moja tu ametoka makundi matatu akafika matano, bila kuhubiriwa nyama ambayo hana hela ya kuinunua.

Kuhusu rozela, uwe mpole na mama mkwe. Rangi nyekundu haina uhusiano na chuma, na hali ni hiyohiyo kwa bitiruti. Rozela ina chuma kidogo, na ina vitu vya jamii ya vile vya kwenye chai vinavyozuia chuma kufyonzwa. Mimi singemkataza kabisa, ila isitumike mahali pa vidonge na isinywewe wakati wa kumeza vidonge. Mpe mama mkwe kazi nyingine yenye heshima zaidi: awe ndiye mtunza vidonge, anampa mkwewe kila usiku.

Swali moja wengi wetu hatuliulizi ni la udongo. Muulize taratibu kama anatafuna pemba, ile ya kununua sokoni, au udongo wa kichuguu, au mchele mbichi. Hamu hiyo yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo nao ukifika tumboni unashikana na chuma na kukipitisha nje. Ni duara, mama hana kosa. Wengi huniambia hamu hupungua chuma kikianza kurudi mwilini, kwa hiyo naomba apunguze na asile karibu na kidonge, kisha naendelea na mengine.

Sasa kwa nini nisimwandikie tu viwili asubuhi na viwili jioni, apone haraka? Kwa sababu mwili una mlinzi wa geti. Ini hutoa kitu kinachoitwa hepsidini, na kazi yake ni kuufungia utumbo usiingize chuma kingi. Ukimeza dozi kubwa, hepsidini hupanda na kubaki juu kwa takriban siku nzima, hivyo dozi inayofuata muda mfupi baadaye huingia kwa sehemu ndogo zaidi. Kinachobaki utumboni ndicho kinacholeta kichefuchefu na tumbo kufunga. Malaria na maambukizi mengine pia huipandisha hepsidini, ndiyo sababu umefanya vema kupima malaria leo, na upime tena kila anaporudi na HB isiyopanda. Kwa wanawake wasio wajawazito kuna utafiti unaoonyesha kwamba kumeza siku moja na kuacha moja kunafyonza vizuri zaidi kwa kila kidonge. Kwa mjamzito mwenye 8.9 bado nafuata viwili kwa siku. Lakini nakwambia wazi: akishindwa viwili, kimoja anachomeza kila usiku kwa hakika kina thamani kuliko viwili vya kwenye karatasi.

Kwa huyu, ningeanza na kimoja usiku wakati wa kulala kwa wiki moja, saa mbili hivi baada ya chakula. Kama tumbo linasumbua, ameze na kipande cha chakula. Kufyonzwa kutapungua kidogo lakini atameza. Kuanzia wiki ya pili viwili, vyote usiku au kimoja alasiri na kimoja usiku, kadiri tumbo linavyoruhusu. Ameze kwa maji, asimeze kwa chai wala maziwa. Usimnunulishe vidonge vya vitamini C kwa ajili hiyo, tunda kwenye mlo linatosha.

Kwa ule mkono mwembamba, ongeza mlo mmoja mdogo kwa siku, usio mgeni kwake. Bakuli la uji uliotiwa karanga zilizosagwa saa nne asubuhi linafaa. Unga ukichachushwa usiku kucha ni bora zaidi, kwa sababu vile vinavyozuia chuma kwenye nafaka hupungua. Maini ni mazuri lakini yana vitamini A nyingi mno, kwa mjamzito kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha. Mpime uzito kila hudhurio. Katika miezi hii mama anatakiwa aongezeke karibu nusu kilo kwa wiki.

Tumefika kwenye kadi. "FEFO, ushauri wa lishe" haiwezi kuhukumiwa. Mwenzako atakayempokea wiki ya 26 hataweza kujua kama mpango ulishindwa au haukufuatwa. Ninaandika hivi, na nafasi ya kadi isipotosha naibandikia karatasi na kuandika mstari mmoja kwenye rejesta:

"Wiki 22. HB 8.9, imerudiwa, wiki 14 ilikuwa 9.3. MUAC 22.4. Malaria hasi. Jana makundi 3 ya chakula kati ya 10, chai ya rangi mara 2, moja pamoja na mlo. Anakula pemba kila siku. FEFO amepewa 60, zimebaki 31, siku 56. Huacha kwa sababu ya kichefuchefu asubuhi.

Tatizo: upungufu wa damu wa kati na lishe pungufu. Chanzo kinachodhaniwa: chuma kidogo, mimba za karibu, dawa nusu ya iliyotakiwa, chai na pemba. Seli mundu bado haijapimwa.

Mpango: FEFO kidonge 1 usiku siku 7, kisha 2 kwa siku, sawa na miligramu 120 za chuma. Ameongezewa 30, sasa anazo 61. Chai saa 1 baada ya mlo. Dagaa mara 1 kwa siku, tunda 1, uji wa karanga saa 4. Mama mkwe anatunza dawa, ameelezwa choo cheusi.

Wiki 26: zibaki FEFO 12. HB ifike 9.9 au zaidi. Ikifika, endelea. Isipofika na vidonge vimebaki 12, rufaa. Isipofika na vimebaki vingi, tafuta sababu ya kuacha."

Hesabu ya 12 ni hii: kidonge kimoja kwa siku 7 ni 7, viwili kwa siku 21 ni 42, jumla 49, toa kwenye 61. Namba hiyo moja ndiyo itakayokuokolea muda wiki ya 26, kwa sababu utaiangalia kabla ya kumchoma kidole. Kupanda kwa gramu 1 ndani ya wiki nne ndicho kinachoonyesha kwamba tatizo ni chuma na kwamba chuma kinaingia. Na unaona kwamba chanzo nimekiita "kinachodhaniwa". Zahanati haina kipimo cha feritini, kile cha akiba ya chuma mwilini, na sitaki mwingine asome dhana yangu kama jibu la maabara.

Je, rufaa leo? Kama anatembea, hahemi akiwa ameketi, moyo hauendi mbio, havuji damu, na HB ni hiyo, basi leo hapana. Una wiki 18 kufika 40, muda upo. Ila umtafutie kipimo cha seli mundu mapema, hata kama ni kituo cha afya cha jirani, maana HB ya mwenye seli mundu haitakwenda kwa hesabu hii na uangalizi wake ni wa hospitali. Mpe rufaa siku hiyohiyo HB ikiwa chini ya 7, au kwa HB yoyote akianza kuhema akiwa amepumzika, kuzimia, mapigo kwenda mbio, au kutokwa damu. Na kama wiki ya 26 vidonge vimemezwa kweli na HB haijapanda gramu 1, hapo ndipo swali lako la kubadilisha dawa linapata mahali pake. Hospitali itaangalia picha kamili ya damu, minyoo na kichocho kwenye choo na mkojo, na inaweza kumpa chuma kwa mshipa, ambacho hakipitii utumbo kabisa. Hicho kinatolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, mahali penye watu na dawa za kukabili mzio, kwa hiyo usikiombe kiletwe zahanati.

Jambo ambalo mpango wa wiki 22 unapaswa kuanza kuligusa ni mahali pa kujifungulia. Mama anayeingia leba na HB ya 9 hana akiba ya kupoteza damu ambayo mwenye 12 angeistahimili. Andika kwamba atajifungulia penye uwezo wa kuongeza damu, na uulize mapema nani wa familia atachangia na nauli itatoka wapi. Akishajifungua, FEFO iendelee angalau wiki 6 hadi 12, na kabla hajaondoka wodini zungumza naye uzazi wa mpango. Barua ya rufaa, ikihitajika, iwe na nakala ya ule mpango wote pamoja na idadi ya vidonge, si HB peke yake, la sivyo daktari wa kule ataanza upya na kidonge kimoja kwa siku.